Barua za kuthibitisha akaunti zinaangukia spamu, nyingine zinafika baada ya dakika 40. Tatizo liko wapi?

Mjenzi_Uwanja

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa mtu anayejua mambo ya kutuma imeili.

Tuna jukwaa la michezo ya mtandaoni, tupo watatu tu tunaoliendesha. Mchezaji akijisajili tunamtumia namba ya tarakimu sita kwenye imeili yake, na namba inakufa baada ya dakika 10. Kwa miezi mingi mambo yalikwenda vizuri. Sasa tuna malalamiko ya aina mbili. Wapo wanaosema barua imekaa spamu, hasa wenye Gmail. Wapo wanaosema imefika kwenye kikasha lakini baada ya nusu saa au zaidi, namba ilishakufa. Hao wa pili wanalalamika zaidi Jumamosi jioni, wakati wa mashindano yetu.

Hatutumi kwa seva yetu wenyewe. Kuna kampuni inatutumia barua, sisi tunaikabidhi tu. Nimewaandikia, wamejibu kwamba upande wao kila kitu ni kijani. Nimehuzunika, kwa sababu watu wanaacha usajili katikati na sijui nianzie wapi.

---

NyotaMbili

Mkuu, hiyo ni SPF, ile orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Mimi ilinipata. Weka rekodi ya SPF kwenye DNS ya kikoa chako, malizia na `-all`, kisha weka DMARC ya `p=reject`, yaani barua isiyothibitika ikataliwe, ili Gmail waone umekaza. Spamu itaisha siku hiyohiyo.

---

Kibonyezo

Afadhali umefungua uzi huu. Mimi siku ya tatu leo sipati namba ya kuingia kwenye akaunti yangu ya michezo. Nimebonyeza "Tuma tena" mpaka nimechoka. Mtanirekebishia lini?

---

Mjenzi_Uwanja

Kibonyezo ndugu yangu, sidhani kama ni jukwaa letu, sisi ni wadogo. Lakini eleza, huenda kuna wa kukusaidia.

NyotaMbili, asante. Nimeangalia, barua iliyoangukia spamu inaonyesha SPF pass, na DKIM, ile saini ya barua, nayo pass. Zote mbili. Ndiyo maana nimechanganyikiwa.

---

Bi_Posta

Mjenzi, tafadhali usiweke `p=reject` leo. Nitaeleza sababu nikishaona barua yenyewe.

Nimefanya kazi na seva za barua miaka mingi, na jambo la kwanza ni kuacha kubahatisha. Spamu na kuchelewa ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Niletee vitu viwili. Kwanza, barua moja iliyoangukia spamu: ifungue kwenye Gmail, bonyeza vidoti vitatu, chagua kuona barua asilia, unakili sehemu ya juu. Pili, barua moja iliyochelewa, pamoja na saa ambayo akaunti ya huyo mchezaji iliundwa kwenye databesi yenu. Hiyo saa ya databesi usiisahau, ndiyo nayoitaka kuliko vyote. Majina ya watu na anwani zao yafute.

---

Mjenzi_Uwanja

Nimebadilisha majina ya vikoa. Sisi ni `uwanja.example`, kampuni inayotuma ni `mtumaji.example`. Hii ndiyo ya spamu:

```
From: Uwanja <akaunti@uwanja.example>
Return-Path: <b-7731@rudi.mtumaji.example>
Authentication-Results: mx.google.com;
  dkim=pass header.i=@mtumaji.example header.s=s1;
  spf=pass smtp.mailfrom=b-7731@rudi.mtumaji.example;
  dmarc=fail (p=NONE) header.from=uwanja.example
```

Na hii ni iliyochelewa. Akaunti iliundwa 19:08:12, databesi yetu inaandika saa za UTC.

```
Received: by mx.google.com; Sat, 12:47:03 -0700 (PDT)
Received: by in.mtumaji.example; Sat, 19:46:56 +0000
Date: Sat, 19:46:55 +0000
```

---

NyotaMbili

Mbona hapo Google wameipokea saa 12:47 wakati imetumwa 19:46? Yaani imefika kabla haijaondoka. Saa ya seva yenu imeharibika, irekebisheni kwanza.

---

Bi_Posta

Saa haijaharibika, NyotaMbili. Angalia mwisho wa mstari wa Google, pameandikwa `-0700`. Google huandika mistari yao kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Ongeza saa saba, unapata 19:47:03. Kosa hili huwapata wengi, na ukianza kuhangaika na saa utapoteza siku nzima.

Sasa tuisome. Mistari ya `Received` husomwa kutoka chini kwenda juu, kila seva iliyoishika barua inabandika mstari wake juu ya uliokuwepo. Barua iliandikwa 19:46:55. Kampuni inayotuma iliipokea sekunde moja baadaye. Google waliipata sekunde saba baada ya hapo. Safari nzima ya mtandaoni ni sekunde nane.

Lakini mchezaji alijisajili 19:08:12. Kwa hiyo dakika 38 na sekunde 43 zimepotea kabla barua haijaandikwa hata herufi moja. Kampuni yenu wamesema kweli, upande wao ni kijani. Ucheleweshaji uko ndani ya nyumba yenu, kati ya mchezaji kubonyeza "Jisajili" na programu yenu kuitunga barua. Mnatumia foleni ya kazi za nyuma? Na Jumamosi saa 19:00 kuna nini kingine kinachotumwa?

---

Mjenzi_Uwanja

Dada, nimesimama nilipokuwa nimekaa. Ndiyo, tuna foleni. Na kila Jumamosi saa 19:00 tunatuma tangazo la mashindano kwa wachezaji wote, barua 16,800 wiki iliyopita. Kila barua inaingia kwenye foleni hiyohiyo. Mchakato unaoisoma foleni ni mmoja, nimepima, unatoa barua sita kwa sekunde hivi.

---

Bi_Posta

Basi piga hesabu. 16,800 gawa kwa 6 ni sekunde 2,800, yaani dakika 46 na sekunde 40. Tangazo lilianza 19:00, lilikwisha karibu 19:46:40. Mchezaji wako alijisajili 19:08 akapanga mstari nyuma ya tangazo zima. Barua yake ilitoka 19:46:55. Huhitaji ushahidi mwingine.

Dawa yake ni foleni mbili. Moja ya barua za akaunti, yaani namba za kuthibitisha na kubadilisha nenosiri, na iwe na mchakato wake usiogusa kitu kingine. Nyingine ya matangazo. Kuongeza kasi ya foleni moja kutafupisha kusubiri, lakini siku mtakapokuwa na wachezaji mara nne zaidi mtarudi hapahapa.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye mistari hiyo. Mchezaji akibonyeza "Tuma tena", namba ya kwanza inakufa?

---

Mjenzi_Uwanja

Inakufa, ndiyo. Tuliona ni usalama.

---

Bi_Posta

Mfikirie aliyejisajili 19:08. Haoni barua, anabonyeza 19:10, 19:13, 19:40. Sasa kuna barua nne kwenye foleni na tatu zina namba iliyokufa. Zinaanza kufika, anafungua ya kwanza kwa furaha, anaandika namba, anaambiwa si sahihi. Anabonyeza tena, na hapo ameua hata ile ya nne ambayo ilikuwa njiani na ingemfaa. Ninyi mnaona mtu amekosea namba, kumbe kila alichoandika kilitoka kwenu.

Fanyeni hivi: akiomba tena ndani ya muda, mtumieni namba ileile. Muda wake uwe dakika 30 badala ya 10. Usalama haupungui kwa maana, ilimradi mmeweka kikomo cha kujaribu, tuseme mara tano kisha namba inafutwa. Na kitufe kisibonyezeke tena mpaka zipite sekunde 60.

---

Kibonyezo

Haya ya namba kufa ndiyo yanayonipata mimi! Ila zangu siku hizi hazifiki kabisa. Anwani niliyosajilia ni ya zamani, nimeiweka ielekeze barua zote Gmail.

---

Bi_Posta

Kibonyezo, hapo umetaja kitu cha maana. Barua ikielekezwa, Gmail anaiona imeletwa na seva ya kikasha chako cha zamani, si ya jukwaa la michezo. SPF huangalia ni seva gani iliyoleta, kwa hiyo mara nyingi inafeli. Saini ya DKIM inaweza kunusurika njiani, lakini ikiwa huyo anayeelekeza anaongeza maneno chini ya barua au anabadilisha kichwa chake, nayo inavunjika. Barua yako inafika mlangoni bila kitambulisho hata kimoja.

Ingia moja kwa moja kwenye kikasha cha zamani, uangalie humo na spamu yake. Kwenye Gmail tafuta kwa `in:anywhere` ukifuatiwa na jina la jukwaa, kwa sababu utafutaji wa kawaida hauingii spamu wala takataka. Ukizipata, badilisha anwani ya akaunti yako ya michezo iwe ya Gmail yenyewe. Kutengeneza kichujio cha kutopeleka spamu kunasaidia kwa barua zilizofika Gmail. Zilizokataliwa mlangoni hakizioni.

---

Kibonyezo

Nimeingia kikasha cha zamani. Zipo, kumi na moja. Asante sana dada.

---

Mjenzi_Uwanja

Foleni nimeelewa, tunaigawa usiku huu. Sasa spamu. SPF pass, DKIM pass, halafu DMARC fail. Inawezekanaje vitambulisho viwili vikubalike na cha tatu kikatae?

---

NyotaMbili

Hata mimi nataka kujua, maana kwangu nilipoona pass mbili niliacha kuangalia.

---

Bi_Posta

Swali zuri, na ndiyo sehemu inayowakwamisha wengi wanaotumia kampuni ya kutuma barua.

Chukulia mtu analeta barua akisema "nimetumwa na Uwanja." Mlinzi anaomba kitambulisho. Anatoa kitambulisho halali kabisa, lakini ni cha kampuni ya usafirishaji. Mlinzi hawezi kusema ni cha bandia. Anachoweza kusema ni kwamba hakithibitishi lolote kuhusu Uwanja.

Rudi kwenye barua yako. `dkim=pass`, lakini ya nani? `@mtumaji.example`. `spf=pass`, ya nani? `rudi.mtumaji.example`. Halafu mchezaji anaona `From` ya `uwanja.example`. SPF wala DKIM hazijali jina analoliona msomaji. DMARC ndiyo inayouliza kama angalau moja kati ya hizo mbili inalingana na kikoa kilichoandikwa kwenye `From`. Kwako hakuna hata moja. Ndiyo maana naogopa `p=reject`: ungeweka leo, ungekuwa umewaagiza Gmail wazikatae barua zako mwenyewe, na hata spamu zisingefika.

Ila NyotaMbili hakukosea kuitaja DMARC. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka anayetuma kwa wingi awe na SPF, DKIM na DMARC, na ulinganifu huo uwepo. Kwa Gmail wingi ni kuanzia barua 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wake. Tangazo lako la Jumamosi pengine limekuvusha.

Ingia kwenye paneli ya kampuni yako, tafuta sehemu ya kuthibitisha kikoa. Watakupa rekodi za CNAME, moja au mbili za saini na moja ya kikoa kidogo cha kurudishia barua. Ziweke kwenye DNS yako. Baada ya hapo watasaini kwa jina lako, si kwa jina lao.

---

Mwanarika

Naongezea: barua za kuthibitisha zihamishie kikoa kidogo kipya, mfano `thibitisha.uwanja.example`. Kama watu wanabonyeza "ripoti spamu" kwenye matangazo, namba zisibebe lawama hizo.

---

Bi_Posta

Mwanarika, kutenganisha nakubali, ila mimi ningehamisha matangazo na kuziacha namba zilipo. Kikoa kidogo kipya hakina historia, na kitu kisicho na historia kinatazamwa kwa shaka wiki za mwanzo. Kwa nini barua nyeti ndiyo ianze upya?

---

Mwanarika

Kwa sababu hapo zilipo pameshachafuka. Matangazo na namba vimetoka anwani moja kwa miezi. Namba ni barua chache na wapokeaji wanazisubiri, wanazifungua dakika hiyohiyo. Hakuna barua inayojenga sifa haraka kama hiyo. Mimi nilifanya hivyo kwa mteja wangu na ilikaa sawa ndani ya wiki mbili.

---

Bi_Posta

Hoja yako ina uzito ikiwa sifa imeharibika kweli. Hatujui bado. Mjenzi asajili kikoa kwenye Google Postmaster Tools aone kiwango cha malalamiko. Google wanataka kibaki chini ya asilimia 0.1 na kisifike 0.3. Hiyo 0.3 ni watu watatu tu kwa kila barua elfu, na tangazo la kila wiki kwa watu walioacha kucheza mwaka jana linafika hapo upesi. Akiona takwimu zimepanda, njia yako. Zikiwa chini, njia yangu.

---

Mjenzi_Uwanja

Narudi na habari nusu nzuri. Foleni zimegawanywa. Rekodi za DNS niliziweka jana, paneli ya kampuni bado inasema hazijaonekana. Saa 20 zimepita. Nisubiri hadi 48?

---

NyotaMbili

Subiri mkuu, DNS ni mpaka saa 48.

---

Bi_Posta

Usisubiri. Rekodi mpya kwa kawaida huonekana ndani ya dakika chache hadi saa chache. Saa 20 ni dalili ya kosa. Andika amri hii, uniambie inarudisha nini:

```
dig +short CNAME s1._domainkey.uwanja.example
```

---

Mjenzi_Uwanja

Hairudishi kitu. Mstari mtupu.

---

Bi_Posta

Sasa jaribu hii, usicheke:

```
dig +short CNAME s1._domainkey.uwanja.example.uwanja.example
```

---

Mjenzi_Uwanja

Imejibu! `s1.mtumaji.example.` Kwa hiyo jina la kikoa limejirudia mara mbili?

---

Bi_Posta

Ndivyo. Paneli nyingi za DNS huongeza jina la kikoa zenyewe mwishoni. Ulinakili jina zima kutoka kwa kampuni, paneli ikaongeza lake. Kwenye kisanduku cha jina andika `s1._domainkey` tu. Rekebisha zote, na ile ya kurudishia barua pia. Halafu ongeza hii kama huna:

```
_dmarc  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@uwanja.example"
```

Hiyo `p=none` haimzuii mtu, inaomba ripoti tu. Ripoti zitakuonyesha kila seva inayotuma kwa jina lako. Mara nyingi hujitokeza moja uliyoisahau, kama ya fomu ya mawasiliano au ya risiti. Zote zikishalingana, ndipo upande `quarantine`, yaani zisizolingana ziende spamu, kisha `reject`.

---

Mjenzi_Uwanja

Nimerekebisha, dakika kumi baadaye paneli imekuwa kijani. Barua ya majaribio:

```
dkim=pass header.i=@uwanja.example header.s=s1;
spf=pass smtp.mailfrom=b-9054@barua.uwanja.example;
dmarc=pass (p=NONE) header.from=uwanja.example
```

Niliijaribu kwenye akaunti nne za Gmail. Tatu kikashani, moja spamu. Hiyo moja ni ya mwenzangu ambaye miezi iliyopita aliwahi kuziripoti barua zetu kama spamu.

---

Bi_Posta

Hapo hakuna rekodi itakayokusaidia. Gmail anakumbuka uamuzi wa mwenye kikasha. Mwenzako abonyeze kwamba si spamu, na huenda akalazimika kurudia. Wachezaji wako wa zamani waliofanya hivyo watakuwa na hali hiyohiyo, kwa hiyo kwenye ukurasa wa kuandika namba weka sentensi moja ya kuwaambia waangalie spamu, na mtaje anwani kamili inayotuma.

---

Mjenzi_Uwanja

Jumamosi imepita. Tangazo liliondoka 19:00 kama kawaida. Nimechukua usajili wote wa kati ya 19:00 na 20:00 nikalinganisha saa ya akaunti na saa ya kampuni kupokea barua. Iliyochelewa zaidi ni sekunde 4. Wiki iliyotangulia ilikuwa dakika 41. Maombi ya "Tuma tena" yamepungua hadi machache. Asante sana dada Bi Posta, kwa dhati, na wote mliochangia.

Postmaster Tools bado haina takwimu, kwa hiyo ubishi wa Mwanarika na Bi Posta haujapata jibu. Matangazo nimeyasimamisha kwa wasioingia mchezoni kwa miezi sita.

Limebaki moja. Kuna wachezaji wenye anwani za taasisi yao, kikoa kimoja, wao bado wanasubiri dakika 15 hadi 20. Logi ya kampuni inaonyesha jibu la `451` mara ya kwanza, kisha inakubaliwa mara ya pili.

---

Bi_Posta

451 ni kukataa kwa muda. Seva yao humwambia mtumaji asiyemfahamu "rudi baadaye," kwa kuwa watuma spamu wengi hawarudi. Muda unaopotea ni wa kampuni yako kusubiri kabla ya kujaribu tena. Waulize hiyo nafasi ni dakika ngapi na kama wanarudi kwa IP ileile. Wakirudi kwa IP nyingine, seva ile inaweza kuwaona wageni upya na kuwakataa tena.

---

Mjenzi_Uwanja

Nimewauliza. Wamesema wana IP nyingi na hawawezi kuahidi ileile. Kwa sasa namba inaishi dakika 30, kwa hiyo inawakuta hai, ila dakika 20 bado ni nyingi kwa mtu anayetaka kuingia mchezoni. Kama kuna aliyewahi kuongea na msimamizi wa seva ya namna hiyo akakubali kuiweka IP ya kampuni kwenye orodha ya wanaoaminika, naomba aniambie alimwandikia nini.